Darasa la Mwezi wa Pili

Nilimaliza darasa la sita la msingi, kisha shule ikanishinda. Mwalimu wetu wa mwisho alikuwa na desturi moja: kila mwaka aliandika ubaoni idadi ya watoto walioanza pamoja darasa la kwanza, na chini yake wale waliobaki. Sisi tulianza hamsini na wawili, tukamaliza kumi na saba. Wengine walifukuzwa na karo, wengine na vita. Alisema shule isisifiwe kwa watoto inaowaandikisha, isifiwe kwa wale inaowafikisha. Ni neno pekee la shule nililolitumia kazini, na nililitumia kwa nia mbaya.

Kazi yangu ilikuwa kwa mama mmoja wa Butembo aliyesaga unga wa uji wa watoto: mtama, soya na mahindi, kilo tano kwa mfuko. Alikuwa mama wa kanisa, mpana, mpole asubuhi na mkali baada ya saa sita. Tulimwita Mama Patroni. Mfuko mmoja humtosha mtoto mwezi mmoja hivi, kwa hiyo mtu aliyependa unga wetu alipaswa kurudi kila mwezi. Asiporudi, ama mtoto amekua, ama mama amepata unga kwingine.

Nilianza kwa kushona mifuko. Halafu Mama Patroni akaona mwandiko wangu. Ninaandika polepole sana, lakini herufi zangu zinasimama wima, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Akanipa daftari ya wanunuzi. Kila aliyenunua mara ya kwanza alipata mstari wake: namba ya simu, mtaa, na njia iliyomleta. Kila aliponunua tena, nilitia alama kwenye safu ya mwezi huo.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa yangu. Siku za kupima watoto nilienda kwenye vituo vya afya vya Butembo, nikiwa nimebeba sufuria ya uji na vikombe. Akina mama walikaa kwenye mabenchi na watoto wao, wakaonja, wakauliza, nami nikajibu nikitazama vikombe, kwa sababu siwezi kutazama watu usoni nikisema. Ilikuwa njia ghali. Kulikuwa na pikipiki ya kunibeba, kuni, unga wa kuonja, na siku nzima ikapotea.

Njia ya pili ilikuwa ya kijana aliyekuja mwaka ule ambao watu wa Kanyabayonga walikimbia vita, wakapanda hadi kwetu na magodoro kichwani. Hakuwa mkimbizi. Baba yake alikuwa mwalimu aliyetumwa na serikali kutoka Kisangani, na yeye alikuwa na diploma. Alitangaza unga kwenye simu. Alipiga picha ya mtoto mnene anayelamba kijiko, akaandika maneno mawili, akalipia tangazo kidogo, na jioni ujumbe ukaingia kama mvua. Mtu mpya aliyeandika kwa njia yake aliuziwa mfuko wa kwanza kwa bei ya chini. Mama Patroni alitupa fedha sawa ya matangazo kila mwezi, yeye na mimi. Mwezi wa pili nilileta wanunuzi wapya kumi na wanne. Yeye alileta sitini.

Nitasema wazi jinsi nilivyomchukia. Nilichukia viatu vyake vyeupe, ambavyo kwenye matope ya Butembo vilibaki vyeupe sijui kwa nini. Nilichukia namna alivyokaa kwenye kiti cha plastiki cha Mama Patroni bila kuombwa. Alichanganya Lingala na Kifaransa, na wanawake wa kusaga wakacheka kabla hajamaliza. Aliniita vieux, yaani mzee, ingawa tulilingana umri, na alinisalimia kwa furaha kila asubuhi, jambo lililonichosha zaidi ya matusi. Siku moja nilirudi kutoka kituoni mgongo ukiniuma, nikamkuta anamwonyesha Mama Patroni simu.

"Leo tulipata batu bapya kumi na mbili, Mama," alisema, "na sikutoka hata ku kiti."

"Wewe utanimalizia unga," Mama Patroni akasema, akacheka hadi kilemba kikalegea. Kisha akanigeukia. "Na weye?"

Nilikuwa na watatu. Nilinyoosha vidole vitatu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ndipo ikajulikana kwamba Mama Patroni angefungua depo Beni. Mifuko ilikuwa inapanda barabara kila wiki kumfuata mnunuzi mmoja mmoja wa simu kule, na nauli ilikula faida. Alitaka nyumba, chumba cha mifuko, na mtu mmoja wa kuishi hapo na kuisimamia. Nilikitaka kile chumba kama nisivyowahi kutaka kitu. Nyumbani tulilala watu sita chumba kimoja, na wadogo zangu waliniita kijana wa sufuria. Nilijiona nikiwa na ufunguo wangu, na watu wakinibishia hodi. Wote pale kiwandani walijua nani angepewa. Hata mama yangu mzazi aliniuliza jioni moja kama yule mtoto wa mwalimu ameshafunga mizigo yake.

Nikaikumbuka ile desturi ya mwalimu wangu. Daftari ilikuwa kwangu. Nikachukua karatasi kubwa ya mfuko wa saruji, upande mweupe, nikachora mistari. Kila mwezi niliufanya darasa. Wale walionunua mara ya kwanza mwezi wa pili walikuwa darasa la mwezi wa pili, wa mwezi wa tatu vivyo hivyo. Nililigawa kila darasa mara mbili: walioletwa na simu na walioletwa na sufuria. Kisha mbele ya kila kundi nikaandika wangapi walinunua tena mwezi uliofuata, na wangapi mwezi wa baada ya huo. Ilinichukua siku tano, wakati wa mapumziko ya chakula. Wengine walikula, mimi nikahesabu alama.

Mwisho wa mwezi wa nne karatasi ikawa tayari. Sitini wa simu wa mwezi wa pili walibaki kumi na mmoja mwezi wa tatu, na sita mwezi wa nne. Wangu kumi na wanne walibaki kumi, halafu tisa. Fedha ilikuwa ileile. Aliyeonekana rahisi ndiye alikuwa ghali, ukihesabu aliyebaki badala ya aliyefika.

Darasa la mwezi wa tatu lilikuwa zuri zaidi kwangu, zuri mno. Katika watu wa simu walikuwemo wengi wa Kanyabayonga, waliotumiwa mifuko kwa basi, na vita vilipofika kule walikimbia, hawakununua tena. Nilijua sababu. Bado niliwaandika kama waliotukimbia sisi.

Nilibandika karatasi ukutani asubuhi, kabla Mama Patroni hajawa mkali. Sikuweza kuieleza. Nilisimama kando, nikaonyesha kwa kijiti. Aliisoma kimya, akirudi nyuma na mbele, midomo ikitembea. Akauliza mwezi wa nne uko wapi, mbona kijana wa simu alileta watu sabini mwezi ule na sikuwaandika kabisa. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba darasa lililoanza mwezi huu halijafanya mtihani, wasubiriwe. Hilo lilikuwa kweli, na nilifurahi kwamba kweli hiyo pia iliwaficha wale sabini wake.

Kisha akaweka kidole juu ya darasa la mwezi wa tatu.

"Hawa ba Kanyabayonga utabafuta," alisema. "Mutu anakimbia masasi, weye unamwandika hakupenda uji?"

Nilifuta kwa aibu. Lakini mwezi wa pili haukuwa na mtu wa Kanyabayonga, na mwezi wa pili ulitosha. Kijana alisimama nyuma yetu, mikono mfukoni. Nilingoja ajitetee, nilitaka ajitetee vibaya. Alisema tu kwamba hajawahi kuona vitu vyake vikipangwa hivyo, na kwamba hii mambo ina jina, wanaiita cohorte, na mimi nimeifanya bila mashine. Kisha akaondoka kwenda kujibu simu. Alikuwa amepauka. Nililala vizuri siku hiyo.

Mama Patroni akanituma Beni kutazama nyumba. Hakusema depo ni yangu, lakini ni nani mwingine hutumwa kutazama nyumba? Nilipanda gari asubuhi na daftari kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja aliifungua, akapitisha kidole juu ya alama, akauliza kama ni hesabu ya waasi. Nikamwambia ni hesabu ya uji. Akacheka, akadai hela ya kunywa.

Nyumba ilikuwa nzuri: chumba mbele, chumba nyuma, na mlango wa chuma. Nilisimama katika chumba cha nyuma muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Kisha nikaenda na motari wetu wa Beni, yule aliyepeleka mifuko kwa pikipiki, ili nijue mitaa. Alikuwa na mifuko minne ya kupeleka mchana huo, yote ya watu wapya.

Kwenye parcelle ya kwanza, yaani kiwanja chenye nyumba, alitoka mama mwembamba mwenye mtoto mgongoni. Motari alimsalimia kama ndugu, akamuuliza kama jino la mtoto limetoka. Nikashangaa. Nikafungua daftari, namba ilikuwa mpya. Nikamuuliza yule mama kama ni mara yake ya kwanza kununua. Alimtazama motari, wote wawili wakacheka.

"Mutoto, mutu mupya si anauziwa bei ya chini?" akaniambia. "Basi mimi niko mupya kila mwezi."

Akatoa kwenye kitenge simu mbili na kopo dogo lenye SIM tatu. Alisema huku kwao mtu hawezi kukaa na laini moja, kwa sababu leo mtandao huu unashika, kesho umekatika, na kukiwa na mapigano upande wa Eringeti yote inaanguka pamoja. Zamani alisaga mtama wake mwenyewe. Sasa shamba liko kule ambako hakuna mtu anaenda. "Huu unga ndio unalisha huyu," alisema, akimpiga mtoto mgongoni taratibu. "Tangu mwezi wa pili. Andika."

Sikuandika. Mkono wangu ulikuwa na kalamu na haukuandika. Motari, bila kujua anachonifanyia, akaniambia kwamba wako wengi hivyo, kwamba yeye anajua wapya wa kweli kwa mbwa: mbwa akimbwekea, parcelle ni mpya.

Nilirudi Butembo kesho yake. Njiani nilipanga kunyamaza. Nani angejua? Daftari ilikuwa yangu, ilisema namba, na namba zilisema kweli yao. Lakini motari hufika Butembo kila wiki mbili kuchukua mafuta ya pikipiki, na mdomo wake hauna kifuniko. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa dhamiri. Ilikuwa motari.

Nilimwambia Mama Patroni nimepata kosa katika kuhesabu, naomba wiki mbili. Badala ya namba nilianza kumtambua mnunuzi kama majirani wanavyomtambua: mama ya nani, mtoto wake wa kwanza, na parcelle ipi. Nilimtumia motari orodha ya Beni, akanipigia akiwa kwenye kila mlango. Za Butembo nilizunguka mwenyewe. Namba mbili zilipokutana kwa mama mmoja kwenye parcelle moja, nilimtoa mtu kwenye darasa la wapya na kumrudisha kwenye darasa lake la kweli. Nilipata pia kosa lililoniegemea mimi. Mama mmoja wa sufuria aliyeonekana anarudi kila mwezi alinunua mara moja tu, zilizobaki alikuwa anawaagizia majirani wasio na simu, kila mwezi jirani mwingine. Tisa wangu wakawa wanane.

Safari hii nilitenganisha miji. Simu ya Butembo mwezi wa pili: arobaini, na mwezi wa nne wanne tu. Walichukua mfuko wa bei ya chini, wakarudi kwenye vinu vya mtaani, ambavyo kwetu viko kila kona. Simu ya Beni: ishirini, na mwezi wa nne, ambapo mwanzo nilikuwa nimeona wawili, walikuwa kumi na mmoja.

Mama Patroni aliisoma karatasi mpya mara mbili. Kijana wa simu aliegemea mlango. Safari hii alisema kitu ambacho sikukitegemea, na kilichoniudhi kwa sababu kilikuwa sawa. Alisema wale kumi na mmoja wasihesabiwe bado, maana kila mwezi walilipa bei ya mtu mpya. Labda wanapenda bei, hawapendi unga. "Tuondoe ile bei, Mama. Tuone."

"Tuondoe," Mama Patroni akasema. "Mwezi wa sita na wa saba. Bakibaki banane, weye utaenda Beni na simu yako. Bakiwa chini, huyu ataenda na sufuria yake." Akanitazama. "Na daftari itabaki kwake, kwa sababu ni yeye tu anaandika sawa."

Kwa hiyo nilikabidhiwa kitu nilichokuwa nakiombea kianguke.

Miezi ile miwili ilikuwa mirefu. Motari alinipigia kila baada ya safari, nami nikaandika. Sijawahi kuandika polepole vile. Kila mama wa Beni aliyelipa bei kamili alikuwa kama mtu anayenikanyaga mguu. Nilijikuta nikiwajua: mama wa mapacha karibu na soko, mama wa nyuma ya shule, yule mwembamba wa SIM tatu, aliyelipa bila kulalamika na kumwambia motari aniletee salamu. Kulikuwa na wiki ambapo barabara ilifungwa kwa sababu ya risasi, na mifuko haikupanda. Nilifurahi. Halafu nikaona nilichokifurahia, nikatoka nje nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kijana hakuniuliza chochote. Angeweza kuja kila siku kuchungulia. Alipita, akasema, "Vieux, tuko namna gani?" na hakungoja jibu. Mara moja aliniletea maandazi kwenye gazeti. Niliyala baada ya yeye kuondoka.

Mwisho wa mwezi wa saba walikuwa wamebaki kumi. Mmoja tu katika wale kumi na mmoja aliacha bei ilipopanda. Mmoja mwingine, mama wa karibu na uwanja, mwezi ule wa saba aliagiza kwa laini mpya kabisa, na motari alikuwa ameniambia jina la mtoto na parcelle. Nilijua ni yeye. Nilipaswa kutia alama kwenye mstari wake wa mwezi wa pili. Niliandika mstari mpya kwenye ukurasa wa mwezi wa saba, kama mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Nilijiambia labda wawili wengine wangekuwa hivyo hivyo na ningefika saba. Hawakuwepo wengine. Walikuwa tisa kwenye karatasi, na tisa ni zaidi ya wanane. Nilidanganya, na uongo haukunipa kitu.

Mama Patroni alihesabu alama kwa ncha ya kisu cha kufungulia mifuko.

"Tisa inatosha," akasema.

Kijana alikuja mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono miwili kama watu wa kanisa wanavyofanya, na hakuchekesha mtu. "Mwezi wa nne Mama alitaka kunifukuza, unajua?" aliniambia. "Daftari yako ndiyo ilinirudisha. Bila wewe nilikuwa nimekwisha. Asante, vieux."

Nilisema, "Hakuna neno."

Akaenda Beni na magodoro mawili na viatu vyake. Mimi nikabakishiwa Butembo, na sufuria mbili badala ya moja, na Mama Patroni akaacha kulipia tangazo la simu hapa kwetu. Akina mama wanaongezeka. Ninasikia chumba kile cha nyuma amekipaka rangi ya bluu. Watu wanasema anakaa mlangoni jioni, na watu wanambishia hodi.

Daftari bado ni yangu. Kila mwezi motari huniletea majina ya Beni, nami hutia alama. Yule mama wa karibu na uwanja bado ananunua. Yuko peke yake kwenye ukurasa wa mwezi wa saba, kati ya wageni, na alama zake zimenyooka kutoka safu moja hadi nyingine bila pengo. Ningeweza kumrudisha kwenye darasa lake kwa dakika moja. Kila mwezi nafika kwenye mstari wake, natia alama pale pale alipo, na kalamu inasita kidogo kabla haijaenda kwa mwingine.